Maski za leya na uhariri unaorudishika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kazi moja tu: kusafisha picha ya sura ya mtu katika Photoshop, kwa namna ambayo mteja akirudi baadaye kuomba mabadiliko hulazimiki kuanza upya. Njia za mkato zimetajwa kwa kibodi ya Windows. Kwenye Mac, Ctrl ni Command na Alt ni Option.

## Ctrl+Z ipo, na paneli ya History ipo. Leya za ziada za nini?

History inakumbuka hatua 50 tu usipobadilisha mpangilio wake, na kila mguso wa brashi unahesabiwa kuwa hatua. Ukiwa unaziba chunusi kwenye paji la uso, hatua 50 zinakwisha kabla hujafika kwenye pua. Unaweza kuongeza idadi hiyo kupitia Preferences > Performance, lakini haikusaidii kwenye tatizo kubwa zaidi: ukifunga faili, History yote inafutika. Kesho yake ukifungua PSD yako, hakuna cha kurudisha.

Tena History inarudi kinyumenyume kwa mfuatano. Ukitaka kuondoa jambo la tatu ulilofanya na kubakisha la nne hadi la arobaini, haikufai. Leya ndiyo inayokupa nafasi ya kwenda moja kwa moja kwenye jambo la tatu na kuliacha lililobaki lilivyo.

## Maski inafanya nini hasa?

Maski ni picha ya kijivu iliyounganishwa na leya. Palipo peupe, leya inaonekana. Palipo peusi, leya imefichwa. Palipo kijivu, inaonekana kwa kiasi. Leya yenyewe haijaguswa. Imezuiwa tu isionekane.

Hesabu yake ni nyepesi, na ukiishika utaelewa matatizo mengi bila kuuliza mtu:

```
matokeo = asili + (iliyobadilishwa - asili) × maski ÷ 255
```

Tuseme pikseli ya shavuni ina thamani 128, na leya yako ya Curves inaipandisha hadi 150. Maski ikiwa nyeupe pale, yaani 255, utapata 150. Ikiwa nyeusi, yaani 0, utabaki na 128. Ikiwa kijivu cha katikati, 128, utapata 139 hivi. Kwa hiyo mtu anayepaka maski kwa brashi laini anachagua, pikseli kwa pikseli, badiliko liingie kwa asilimia ngapi.

## Kwa nini nisitumie Eraser tu kwenye leya ya juu?

Eraser inafuta pikseli. Ukipitiliza kidogo kwenye kingo za nywele, kilichofutika hakirudi isipokuwa kwa History. Kwenye maski, ukipitiliza unabonyeza X kubadilisha rangi ya brashi kutoka nyeusi kwenda nyeupe, unapaka tena, na kinarudi. Ukiwa umezoea kidole kimoja juu ya X, maski haichelewi kuliko Eraser hata kidogo.

## Nipange leya kwa utaratibu gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Wanatumia leya, wanatumia maski, na bado faili lao halirekebishiki.

Tofautisha aina mbili za leya. Kuna leya zinazobeba pikseli, yaani vipande halisi vya picha ulivyonakili kutoka mahali fulani. Na kuna leya zinazobeba maagizo tu: Curves, Hue/Saturation na wenzake. Leya ya maagizo haina picha ndani. Inachukua chochote kilichopo chini yake na kukibadilisha papo hapo, kwa hiyo chini kukibadilika nayo inafuata. Leya ya pikseli haifuati. Kipande cha ngozi ulichokibandika leo kina rangi na mwanga wa leo, na ukibadilisha mwanga wa picha iliyo chini yake, kipande kitabaki kilivyokuwa na kuonekana kama kiraka.

Ndiyo maana leya za pikseli zinakaa chini, karibu na picha asili, na maagizo yote yanakaa juu yake. Kwa picha ya sura ya mtu, mimi hupanga hivi, kuanzia chini.

Chini kabisa ni Background, ambayo siigusi kamwe. Juu yake ni leya tupu niliyoiita "ya kupita": chunusi, vumbi, mikwaruzo midogo, yaani vitu ambavyo baada ya wiki mbili mtu huyo hatakuwa navyo usoni. Kisha leya nyingine tupu, "ya kudumu": makovu, alama za kuzaliwa, mistari ya kuzunguka mdomo. Hizi ni sehemu ya mtu, na ndizo anazoomba zirudishwe. Kuzichanganya na chunusi kwenye leya moja ni kujitafutia kazi. Halafu leya ya tatu tupu, "chini ya macho", peke yake, kwa sababu karibu kila mara itahitaji kupunguzwa nguvu.

Baada ya hapo yanaanza maagizo. Curves mbili ndani ya kundi moja: ya kwanza, "ng'arisha", nimevuta katikati ya mstari juu kidogo, ya pili, "tia giza", nimeivuta chini kidogo. Zote mbili nimezijaza maski nyeusi kwa Ctrl+I, kwa hiyo mwanzoni hazionekani kabisa. Kisha napaka kwa brashi nyeupe laini, Flow ikiwa asilimia 2 hadi 5, nikiinua vivuli vidogo vya ngozi na kushusha madoa yanayong'aa. Ni kazi ya polepole, lakini vitundu vya ngozi vinabaki, kitu ambacho ukungu wa Gaussian Blur hauwezi kukupa. Ona kwamba nimesema Flow, siyo Opacity. Flow ndogo inajenga nguvu kidogo kidogo brashi inapopita mara nyingi pale pale. Opacity inaweka dari ambayo mpito mmoja hauwezi kuivuka.

Juu kabisa ni leya za rangi za picha nzima.

Majina ya leya yasiwe "Layer 7 copy 2". Wiki mbili zikipita, hata wewe hutajua ni nini.

## Nimeziba doa kwenye leya tupu, lakini kiraka kimekuwa cheupe kuliko ngozi iliyokizunguka. Kwa nini?

Angalia Sample kwenye upau wa juu. Karibu hakika imewekwa All Layers, na una Curves inayong'arisha juu ya leya unayopaka.

Mambo yanakwenda hivi. Brashi inachukua ngozi jinsi inavyoonekana kwenye skrini, yaani ikiwa imeshang'arishwa na Curves. Inaibandika chini ya Curves ile ile. Curves inaing'arisha mara ya pili. Kwa mfano wetu, ngozi ya 128 ilionekana 150; sasa kiraka kimehifadhiwa kikiwa 150 na kinapandishwa tena, wakati jirani zake zinapandishwa mara moja tu.

Weka Sample kuwa Current & Below kwenye Healing Brush au Clone Stamp. Pembeni yake kuna kitufe cha kupuuza leya za maagizo wakati wa kunakili, nacho kinatosha ukilazimika kutumia All Layers. Spot Healing Brush kwa kawaida ina kisanduku cha Sample All Layers tu, kwa hiyo ukiitumia, zima kwanza macho ya leya za juu, ziba madoa, kisha uziwashe.

Jaribio la haraka kabla hujaendelea na kazi nzima: ziba doa moja, kisha washa na kuzima jicho la Curves. Kiraka kikibaki cheupe kuliko jirani zake hata Curves ikiwa imezimwa, tatizo ni hili: kimehifadhiwa kikiwa kimeshang'arishwa.

## Mteja amerudi na maombi matatu. Nionyeshe jinsi mpangilio huu unavyosaidia.

Chukua picha ya mwanamke iliyokabidhiwa ikiwa imekamilika. Ujumbe wake unasema: alama nyeusi juu ya mdomo wangu irudi, mama yangu hatanitambua; macho yanaonekana kama ya mtu mwingine; na blauzi yangu ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa ya njano.

La kwanza. Alama ya kuzaliwa imezibwa kwenye leya "ya kudumu", lakini humo humo kuna kovu la kidevuni ambalo hakulitaja, kwa hiyo kuzima leya nzima hakufai. Chagua leya hiyo, bofya Add layer mask, chukua brashi nyeusi yenye kingo laini kiasi, ukubwa unaozidi alama kidogo, Flow asilimia 100, gusa mara moja juu ya mdomo. Alama ya asili inatokea, kwa sababu Background iliyo chini haikuwahi kuguswa. Ikitokea pete hafifu kuizunguka, ni mabaki ya kiraka ambacho brashi haikukifikia; panua brashi kidogo uguse tena.

La pili. Chagua "chini ya macho" na ushushe Opacity ya leya kutoka 100. Mara nyingi kati ya 40 na 60 ndipo uso unaporudi kuwa wa mwenyewe: mifuko imepungua, lakini ipo. Zima na kuwasha kundi la Curves pia, maana huenda wewe ndiye uliyeng'arisha weupe wa macho kupita kiasi. Ikiwa ni hivyo, paka nyeusi kwenye maski ya "ng'arisha" juu ya mboni na weupe wake, ukiwa na Flow ya asilimia 10, uone inavyoshuka.

Tahadhari moja hapa. Kushusha Opacity kunafaa kwa ngozi kwa sababu kilicho chini na kilicho juu vinafanana. Ukifanya hivyo kwenye kiraka kilichoficha unywele au mkufu, utapata kivuli cha unywele, nusu upo nusu haupo. Vitu vyenye umbo ama viondoke ama vibaki.

La tatu. Leya ya rangi ya juu kabisa imeongeza joto kwenye picha nzima na blauzi imeingia humo. Leya za maagizo huzaliwa na maski nyeupe, kwa hiyo huhitaji kuongeza kitu. Chagua blauzi kwa chombo chochote cha kuchagua, hakikisha maski ya leya ya rangi ndiyo iliyochaguliwa, jaza nyeusi. Kisha nenda kwenye Properties ya maski na uvute Feather hadi mpaka wa kola na shingo usionekane. Feather ya hapa inaweza kubadilishwa hata mwakani. Ukilainisha maski kwa Gaussian Blur, ukali wake wa mwanzo umepotea. Vilevile Density: ukiishusha, weusi wa maski unakuwa kijivu, na blauzi inapata joto kidogo ili isionekane kama imekatwa kutoka picha nyingine.

Hakuna hata moja kati ya haya lililogusa kazi ya Curves uliyoifanya kwa brashi ya asilimia 2, ambayo ndiyo iliyokula muda.

## Napaka nyeusi, na badala ya kuficha leya, doa jeusi linatokea juu ya uso.

Umechagua kijipicha cha leya, siyo cha maski. Angalia paneli ya Layers: kilichochaguliwa kina fremu nyembamba kukizunguka. Kichwa cha dirisha nacho kinaandika Layer Mask unapokuwa kwenye maski. Rudisha kwa Ctrl+Z, bofya kijipicha cha maski, endelea.

Ikiwa hali ni kinyume, unapaka na hakuna kinachotokea, huenda unapaka nyeusi juu ya nyeusi, au kuna uteuzi mdogo uliosahaulika mahali fulani. Ctrl+D huondoa uteuzi, D hurejesha rangi mbili za kawaida.

## Nitajuaje kama maski yangu ni safi?

Shikilia Alt ubofye kijipicha cha maski. Skrini itaonyesha maski yenyewe, nyeusi na nyeupe, na hapo utaona yale ambayo picha iliyaficha: vidoti vyeupe vilivyorukwa katikati ya weusi, au ukungu wa kijivu pale ulipodhani ni peusi kabisa. Ukungu huo ukiwa na thamani ya 10 au 15 hauonekani kwa jicho kwenye picha, hadi siku mteja atakapoomba picha ing'arishwe, ndipo unatokea kama wingu pembeni. Ukiwa ndani ya maski, Ctrl+L hufungua Levels. Sogeza kitelezi cheusi ndani kidogo na ukungu unazama kuwa mweusi. Usifanye hivi kwenye maski za "ng'arisha" na "tia giza", kwani kijivu chake hafifu ndiyo kazi yenyewe.

Kwa kingo, alama ya \ kwenye kibodi inafunika sehemu zilizofichwa kwa wekundu juu ya picha. Kuza hadi asilimia 100 ufuate mstari wa nywele na masikio. Mpaka mweupe kando ya nywele ni dalili kwamba brashi ya kung'arisha ngozi ilimwagikia nje.

Shift na kubofya maski huizima kwa muda. Itumie ili kuona leya ingefanya nini bila kizuizi.

## Liquify na vichujio vingine je? Havina leya zake.

Geuza leya iwe Smart Object kwa Convert to Smart Object, kisha weka kichujio. Kitakaa chini ya leya kama mstari unaoweza kuubofya mara mbili na kubadilisha namba zake. Kuna maski pia, lakini ni moja kwa vichujio vyote vya leya hiyo, kwa hiyo usitarajie kuficha kimoja shavuni na kingine pajini.

Mtego wa Liquify ni huu. Ukiigeuza Background peke yake kuwa Smart Object na kusogeza taya, viraka vya leya "ya kupita" havitasogea nayo. Chunusi ya taya itachungulia pembeni ya kiraka chake. Chagua Background pamoja na leya zote za pikseli, zigeuze ziwe Smart Object moja, ndipo usogeze. Ukitaka baadaye kuzifikia, bofya mara mbili kijipicha. Zinafunguka kwenye dirisha lao, unarekebisha, unabonyeza Ctrl+S, na faili kuu linajisasisha. Maski za Curves zilizo juu bado hazifuati msogeo, kwa hiyo Liquify ifanywe kabla ya kupaka maski hizo.

## Na ile mbinu ya kutenganisha rangi ya ngozi na umbile lake?

Inafanya kazi, lakini si ya kurudishika kwa maana tunayoizungumzia hapa. Leya zake mbili ni nakala kamili za picha kama ilivyokuwa wakati ule. Ukigundua chunusi uliyoisahau kwenye leya ya chini na kuiziba, juu haitabadilika chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa Ctrl+Shift+Alt+E, inayobandika kila kinachoonekana kwenye leya mpya: ni ukuta, na mabadiliko ya chini yake hayapiti. Ukilazimika kuitumia, maliza kwanza viraka vyote.

## Faili langu limekuwa kubwa mno. Nipunguze leya?

Angalia kwanza ni leya zipi. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 katika biti 16 inachukua takriban MB 144 kwenye kumbukumbu kabla ya kubanwa, na kila nakala kamili ya Background inaongeza kiasi hicho hicho. Leya ya Curves yenye maski nyeupe tupu haiongezi kitu cha kutaja. Kwa hiyo mzigo mara nyingi ni zile "Background copy" ulizozitengeneza kwa mazoea. Leya tupu zenye viraka zinaifanya kazi ile ile kwa uzito mdogo zaidi.

PSD ina mpaka wa GB 2. Ukiufikia, hifadhi kama PSB. JPEG haihifadhi leya wala maski, kwa hiyo iwe nakala ya kumkabidhi mteja tu, kupitia Save a Copy au Export.

## Natumia GIMP au Krita. Haya yananihusu?

Maski zinafanya kazi kwa kanuni ile ile. Kwenye GIMP, bofya leya kwa kitufe cha kulia uchague Add Layer Masks, na kwa kuziba madoa kwenye leya tupu washa Sample merged kwenye chombo cha Heal. Onyo la kung'arishwa mara mbili linahusu pia hapo. Tangu GIMP 3.0 ya mwaka 2025, vichujio vinabaki vikirekebishika usipoweka alama kwenye Merge filter. Matoleo ya zamani yanavichoma ndani ya picha. Krita ina Filter Layer na Transparency Mask, na zote mbili zinarudishika.

## Kukata picha kunaharibu?

Kunaharibu ikiwa Delete Cropped Pixels ina alama ya tiki kwenye upau wa chombo cha Crop. Iondoe. Kilichokatwa kitabaki nje ya fremu, na Image > Reveal All itakirudisha mteja akisema kiwiko chake kimekatwa.